Kupanga wateja wa matangazo katika moto, vuguvugu na baridi: mwongozo kwa timu ndogo ya mauzo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya timu inayouza viwanja vilivyopimwa pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa mfano Kibaha au Kigamboni, yenye wapigaji simu wawili na matangazo yanayopita Facebook na Instagram. Baadhi ya watu hujaza fomu ya tangazo, wengine hubonyeza kitufe na kuingia WhatsApp. Jumatatu asubuhi majina ya mwisho wa wiki huwa yamerundikana, na wapigaji wakianza juu ya orodha kwenda chini, mtu aliyekuwa tayari kulipia wiki hiyo hupigiwa jioni, wakati ameshapelekwa saiti na kampuni nyingine. Tutatumia Google Sheets peke yake kumpa kila mteja alama kutokana na majibu yake, kisha kumpanga katika moto, vuguvugu au baridi ili wa moto wapigiwe kwanza.

Hatua ya kwanza: rekebisha maswali ya fomu

Alama haiwezi kuwa na maana zaidi ya majibu iliyojengwa juu yake. Katika biashara ya viwanja, maswali mawili yanatosha: mteja atalipaje, na lini anaweza kwenda kuona kiwanja. Swali la malipo liwe na majibu matatu: bado najipanga, nalipa kwa awamu na kianzio ninacho, nalipa kwa mkupuo. Swali la ziara liwe na majibu manne: sina uhakika, mwezi huu, wiki hii, na nitamtuma ndugu yangu. Jibu hilo la mwisho lipo kwa sababu Watanzania wengi walioko Omani, Dubai na kwingineko hununua kupitia ndugu, na fomu isiyowapa nafasi huwalazimisha kuchagua "sina uhakika" ilhali wana fedha mkononi.

Zingatia mpangilio wa majibu. Mtu anayejaza fomu kwa haraka hugusa jibu la kwanza bila kusoma, kwa hiyo ukiweka "nalipa kwa mkupuo" juu kabisa utapata wateja wengi wa moto wasiokuwepo. Jibu dhaifu ndilo linalopaswa kutangulia. Aidha, unapotengeneza fomu chagua aina iitwayo Higher intent, ambayo humwonyesha mtu majibu yake ili ayathibitishe kabla ya kutuma. Idadi ya majina itapungua, lakini utaepuka sehemu ya namba za zamani ambazo Facebook huzijaza yenyewe kutoka kwenye wasifu wa mtu.

Hatua ya pili: ingiza majina na uyasafishe

Pakua majina mara kwa mara, kwani Meta huruhusu kuyapakua kwa siku 90 tu tangu fomu ilipojazwa. Katika faili la CSV utaona mambo mawili yanayosumbua. Namba ya simu huja ikiwa na herufi na alama mbele yake, kama `p:+255`, na muda huja kama maandishi marefu yenye herufi T katikati. Fomula ya kwanza hapa chini husafisha namba iliyoko B2, ya pili hugeuza muda ulioko A2 kuwa tarehe inayohesabika; badilisha A2 na B2 kulingana na safu za faili lako:

```
=REGEXREPLACE(B2,"[^0-9]","")
=DATEVALUE(LEFT(A2,10))+TIMEVALUE(MID(A2,12,8))
```

Tazama mwisho wa maandishi ya muda: ikiwa hayaishii na `+03:00`, saa hizo si za Afrika Mashariki na lazima uzirekebishe kabla ya kuendelea.

Kisha panga jedwali kuu upya hivi: A ni muda wa kujaza, B simu, C jibu la malipo, D jibu la ziara, E kama mteja ameandika mwenyewe WhatsApp, F siku ya mwisho ambayo mteja alifanya jambo lolote, G alama, H daraja, I daraja la kwanza, na J matokeo. Kwa mteja mpya, F hulingana na A. Aliyeingia WhatsApp bila kujaza fomu aulizwe maswali hayohayo mawili, na majibu yake yaandikwe C na D.

Hatua ya tatu: toa alama

Fungua ukurasa wa pili uuite Alama, uandike kila jibu kwenye safu ya A na pointi zake kwenye safu ya B. Kwa kuanzia ninapendekeza mkupuo 30, awamu yenye kianzio 25, bado najipanga 5. Wiki hii 30, nitamtuma ndugu 20, mwezi huu 15, sina uhakika 0. Nakili majibu kutoka kwenye CSV, si kutoka kwenye fomu, kwa sababu mara nyingi faili hubadilisha nafasi kati ya maneno kuwa mistari ya chini, yaani `_`, na jibu likitofautiana kwa alama moja tu halitapatikana.

```
=VLOOKUP(C2,Alama!$A$2:$B$20,2,FALSE)
 +VLOOKUP(D2,Alama!$A$2:$B$20,2,FALSE)
 +IF(E2="Ndiyo",20,0)
 -MIN(30,5*INT(NOW()-F2))
```

Nimeacha kwa makusudi kuifunika fomula hii kwa IFERROR. Mtu akibadilisha maneno ya fomu bila kukuambia, seli itaonyesha #N/A na utajua siku hiyohiyo. Ukiifunika, wateja wazuri watapewa sifuri kimyakimya na watazama chini ya orodha.

Pointi 20 za WhatsApp zinahitaji uangalifu. Tangazo linalompeleka mtu WhatsApp mara nyingi humwandalia ujumbe tayari, na yeye hubonyeza tu kutuma. Ujumbe huo usihesabiwe. Andika "Ndiyo" pale tu mteja alipouliza kitu mahususi kwa maneno yake: hati inatoka kwa jina la nani, kiwanja kina mita za mraba ngapi, kutoka barabara kuu ni umbali gani. Anayeuliza habari za hati ameshaanza kufikiria hatari ya kutoa fedha yake, na mtu asiyekusudia kununua hafiki huko.

Sehemu ya mwisho ya fomula hupunguza pointi 5 kwa kila siku inayopita bila mteja kufanya jambo, hadi kikomo cha 30. Hesabu hiyo inaanzia F, yaani siku ambayo mteja mwenyewe alijaza, aliandika au alipokea simu. Siku ambayo ninyi mlimpigia asipokee haihesabiki, la sivyo kila jaribio lenu lingemfanya aonekane mpya.

Hatua ya nne: weka mipaka kulingana na uwezo wa wapigaji

```
=IF(G2>=60,"Moto",IF(G2>=30,"Vuguvugu","Baridi"))
```

Hapa ndipo timu nyingi hukosea, kwa kuchukua 60 na 30 kana kwamba ni namba za kudumu. Mpaka wa moto unapaswa kutokana na simu ambazo watu wako wanaweza kupiga. Chukulia kila mpigaji hufanya majaribio 40 kwa siku, yaani 80 kwa wote wawili. Mteja wa moto asiyepokea anastahili kupigiwa tena saa za chakula cha mchana na tena baada ya kazi, hivyo anaweza kutumia majaribio matatu. Wateja 20 wa moto watachukua hadi majaribio 60 na kuacha 20 kwa vuguvugu. Ikiwa Jumatatu unaona moto 45, pandisha mpaka hadi 65 au 70; ikiwa unaona wanne tu na wapigaji wamekaa, ushushe. Ndani ya kila daraja, mwenye alama kubwa atangulie, na alama zikilingana, aliyejaza karibuni zaidi.

Tuchukue wateja wanne wa Jumatatu saa mbili asubuhi. Wa kwanza alijaza fomu Jumapili usiku, mkupuo na wiki hii: 30 na 30, jumla 60, moto. Wa pili alijaza usiku huohuo, awamu yenye kianzio na mwezi huu, kisha akauliza WhatsApp kama hati ipo tayari au bado inashughulikiwa: 25, 15 na 20, jumla 60, moto vilevile. Wa tatu yuko Maskati, alijaza Jumapili akisema atalipa mkupuo na kumtuma ndugu yake, akauliza ukubwa wa kiwanja: 30, 20 na 20, jumla 70. Huyu ndiye wa kwanza kupigiwa, tena saa ya Maskati imetangulia ya kwetu kwa saa moja, na mpigaji aombe papo hapo namba ya ndugu atakayefika saiti. Wa nne alijaza siku tano zilizopita, mkupuo na wiki hii, na hajapokea simu hata moja: 60 kutoa 25 ni 35, kwa hiyo sasa ni vuguvugu.

Kuna kundi moja ambalo alama haitalikamata, nalo ni madalali. Wao hujibu kila swali kama mteja wa moto. Mpigaji atawatambua haraka kwa kuwa swali lao la mapema ni kamisheni, au wanataka orodha ya viwanja vyote na bei zake. Waandike "Dalali" kwenye safu ya J na uwape utaratibu wao. Wanaweza kuleta wanunuzi, lakini wasiharibu hesabu zako.

Hatua ya tano: pima kama alama inasema kweli

Kwa kuwa fomula hutumia NOW(), daraja la safu ya H hubadilika kila siku. Ukija kupima mwisho wa mwezi kwa kutumia H, karibu kila asiyenunua atakuwa ameshapoa na alama itaonekana sahihi mno. Kwa hiyo, siku jina linapoingia, nakili daraja lake na kulibandika kwenye safu ya I kama thamani, kwa Ctrl+Shift+V, na usiliguse tena. Baada ya mwezi, pata sehemu ya wateja wa moto waliofika saiti, kisha rudia kwa madaraja mengine:

```
=COUNTIFS(I2:I,"Moto",J2:J,"Alifika")/COUNTIFS(I2:I,"Moto",J2:J,"<>Dalali")
```

Kasoro moja inabaki. Wateja wa moto hupigiwa mapema na mara nyingi, kwa hiyo wangeweza kufika saiti zaidi hata kama alama ingegawiwa kwa bahati nasibu. Dawa yake ni kuchagua wateja 10 wa baridi kila wiki bila kuchambua, na kuwapigia siku hiyohiyo kwa bidii ileile ya moto. Kama katika 40 wa mwezi mzima wanafika wachache sana kuliko moto, alama inafanya kazi. Kama wanakaribiana, rudi kwenye ukurasa wa Alama na uangalie jibu mojamoja. Jibu la kwanza ninalolishuku ni "mkupuo", kwa kuwa kulitaja hakumgharimu mtu chochote, ilhali mwenye kianzio kwa kawaida ameshapiga hesabu ya mshahara wake. Ukiona wa awamu wanafika saiti kwa wingi zaidi, badilisha pointi zao, 30 kwa awamu na 20 kwa mkupuo, kisha acha mwezi mwingine upite kabla ya kugusa namba nyingine yoyote, ili ujue ni badiliko lipi limeleta tofauti.

Jedwali hili lina majina, simu na hali ya fedha ya watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lifunguliwe na wapigaji na msimamizi tu, lisitumwe kwenye kundi la WhatsApp, na anayesema asipigiwe tena aandikwe hivyo kwenye safu ya J na kuondolewa kwenye orodha ya simu siku hiyohiyo, hata kama alama yake ni 70.