Jinsi ya kuandika tangazo la mkutano wa usalama wa kijiji: mwongozo kwa mwenyekiti wa LC1

Mkutano wa usalama huharibika mara nyingi kabla haujaanza, na huharibikia kwenye tangazo. Karatasi ikisema tu "mkutano kuhusu wizi, wote mje", watu watakuja na hasira na majina ya vijana wa jirani, na wenye nyumba watadhani wapangaji hawahusiki. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja: kijiji cha mjini Busia, upande wa Uganda, ambako pikipiki zinaibwa usiku na watu wananyang'anywa simu kwenye njia ya mkato kati ya barabara kuu na bomba la maji. Vijiji vingine vinaweza kubadilisha mahali na matukio, mpangilio ukabaki huohuo.

Hatua ya 1: Pata siku ya polisi kwanza

Usiandike tarehe yoyote kabla hujaongea na mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu. Ukitangaza halafu ofisa asije, swali la kwanza la wananchi litakuwa "polisi wako wapi?", na nusu ya mkutano itaishia hapo. Mpelekee barua fupi yenye muhuri wa kijiji, siku kumi au zaidi kabla, umweleze unachotaka azungumzie. Nakala moja ya barua mpe mwenyekiti wa LC2 na nyingine ofisa wa usalama wa gombolola. Tangazo la ukutani halichukui nafasi ya barua hii, kwa sababu ofisa akiitwa kwa tangazo la jumla ataona hana wajibu maalum.

Siku hiyohiyo kaa na katibu wa usalama, yule ambaye wengi wanamwita difensi, mwandike matukio ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Andikeni mahali, saa na kitu kilichoibwa. Majina ya washukiwa yasiingie kwenye orodha hiyo.

Hatua ya 2: Chagua saa, kisha iandike isikosewe

Katika mfano wetu tunachukua Jumapili jioni, kwa kuwa siku za kazi wachuuzi wa mpakani wanarudi wamechoka. Kwa Busia, sala ya alasiri huangukia karibu na saa kumi, na jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Kwa hiyo mkutano uanze saa kumi na nusu na uishe saa kumi na mbili na robo. Waislamu watakuwa wameshasali, na akina mama watafika nyumbani kabla ya giza. Kumaliza mkutano wa usalama saa mbili usiku ni kuwatembeza watu kwenye njia ileile mnayoilalamikia.

Kosa linalorudiwa sana ni kuandika "saa 10:30". Mmoja ataisoma kwa Kiswahili, mwingine atatazama simu yake inayosema 10:30 na kuja asubuhi. Andika saa kwa maneno, taja kipindi cha siku, kisha weka saa ya simu: saa kumi na nusu jioni (16:30). Hakikisha pia siku na tarehe vinalingana. Tarehe ikiwa ya Jumamosi na neno likiwa Jumapili, watu watagawanyika makundi mawili.

Hatua ya 3: Panga ajenda kwa dakika

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kila jambo la ajenda liwe tatizo la mahali au kazi ya kuamua, lisiwe kundi la watu. "Vijana wanaovuta bangi" inawaambia vijana wote kwamba wameitwa kuhukumiwa, nao hawatakuja, ilhali ndio wanaojua nani hupita wapi saa nane za usiku. "Giza kwenye njia ya bomba" inazungumzia kitu kilekile bila kumkosea mtu heshima, tena inaweza kuamuliwa: nani afyeke kichaka, nani aweke taa, lini.

Mambo mawili ya kuamua yanatosha kwa mkutano mmoja. Ukiweka usafi, mpaka wa shamba na michango ya mazishi humohumo, usalama utapata dakika za mwisho, watu wakiwa wameanza kuondoka. Mpe kila mzungumzaji dakika zake na uziandike kwenye tangazo lenyewe. Mgeni akiona ana dakika 15, atajiandaa kwa dakika 15.

Suala la pesa lipe uangalifu wa peke yake. Kama doria ya usiku itahitaji tochi na filimbi, andika wazi kwamba mchango utajadiliwa, ila usitaje kiasi. Kiasi kilichoandikwa kabla ya mkutano huonekana kimeshaamuliwa na kamati. Usitishie faini kwa asiyehudhuria pia: faini isiyo na sheria ndogo iliyopitishwa haina msingi, na mtu mmoja akiikataa hadharani heshima ya kiti inashuka.

Hatua ya 4: Andika ombi la mwenendo kwa vitendo

"Tafadhali tuheshimiane" ni maneno mazuri lakini hayamwambii mtu afanye nini. Taja vitendo: kunyoosha mkono, dakika tatu kwa kila msemaji, kutobeba fimbo wala panga, kutorekodi.

Kifungu kizito kuliko vyote ni kile cha majina. Mtu akisimama mbele ya watu mia mbili akasema "mwizi ni mtoto wa fulani", usiku ule nyumba ya fulani iko hatarini, na kama kijana hana hatia hakuna atakayerudisha kilichotokea. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka athibitishwe au akiri mwenyewe, na inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 kama bado anashikiliwa. Mkutano wa kijiji hauna mamlaka ya kumhukumu mtu. Kwa hiyo tangazo liseme mapema kwamba majina hayatatajwa, halafu palepale litoe njia nyingine ya kuyapeleka. Ukikataza bila kutoa njia, watu watadhani unamlinda mtu.

Sababu ya kutorekodi iko karibu na hiyo. Mama anayeeleza gari aliloliona usiku hataki sauti yake izunguke kwenye WhatsApp kabla hajafika nyumbani.

Hatua ya 5: Liandike kamili

Tangazo la mfano wetu ni hili:

TANGAZO LA MKUTANO WA KIJIJI: USALAMA

Kijiji cha .........., Busia
Tarehe ya kutolewa: 7 Juni 2026

Wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana,

Mnaalikwa wote, wenye nyumba na wapangaji, mliotimiza miaka 18 na kuendelea.

Siku: Jumapili, 14 Juni 2026
Saa: kumi na nusu jioni (16:30) hadi saa kumi na mbili na robo (18:15)
Mahali: chini ya mwembe, mbele ya ofisi ya LC1. Mvua ikinyesha tutaingia ukumbi wa shule ya msingi, saa ileile.

Ajenda
1. Kufungua na sala: dakika 10
2. Taarifa ya katibu wa usalama kuhusu pikipiki na simu zilizoibwa tangu Aprili: dakika 15
3. Ofisa wa polisi: jinsi ya kutoa taarifa, na maswali: dakika 15
4. Giza na kichaka kwenye njia ya bomba. Kuamua kazi na tarehe: dakika 30
5. Zamu ya doria ya usiku, vifaa vyake na mchango wa kuvinunua; kujadili na kuamua: dakika 25
6. Kusoma maazimio na kufunga: dakika 10

Tunaomba
Nyoosha mkono, usubiri kupewa nafasi. Kila msemaji ana dakika tatu.
Eleza tukio, mahali na saa. Jina la mtu unayemshuku lisitajwe mkutanoni; mpelekee katibu wa usalama au polisi kwa faragha.
Tusikatize msemaji, tusitukane kabila, dini wala chama cha mtu.
Fimbo, panga na pombe vibaki nyumbani. Tusirekodi sauti wala video.

Ukiona hatari kabla ya siku hiyo, piga polisi 999 au 112, bila malipo.

Mwenyekiti wa LC1 .......... (sahihi na muhuri)
Katibu wa usalama, simu ..........

Jumlisha dakika za ajenda: 105, sawasawa na muda uliotangazwa. Fanya hesabu hiyo kila mara, maana ajenda ya saa tatu ndani ya muda wa saa mbili ndiyo inayofanya maazimio yasomwe gizani.

Neno "wapangaji" lisiondolewe. Kisheria, baraza la kijiji ni wakazi wote waliofikisha miaka 18, lakini mjini mpangaji husikia "wanakijiji" akadhani ni wenye viwanja. Katika wizi wa pikipiki, mpangaji wa chumba kimoja ndiye anayeiegesha nje.

Hatua ya 6: Libandike na lisomwe

Ukurasa mmoja wa A4 unatosha. Siku na saa viwe kwa herufi nene zinazosomeka mtu akiwa hatua tatu mbali. Weka karatasi ndani ya nailoni, kwa sababu wino wa mashine nyingi hufutika kwa mvua moja. Bandika siku saba kabla, penye watu wanaosubiri: stegi ya bodaboda, bomba la maji, duka la unga, mlango wa ofisi. Msikiti na makanisa wape nakala isomwe Ijumaa na Jumapili. Usisubiri Jumapili ya mkutano wenyewe.

Kwenye WhatsApp tuma maneno yenyewe, si picha peke yake, kwani simu ndogo hazifungui picha vizuri. Siku mbili kabla, mtu apite na kipaza sauti akitangaza kwa Kisamia, Kiganda na Kiswahili: siku, saa, mahali na neno moja tu la ajenda. Ajenda nzima ikisomwa barabarani hakuna atakayeikumbuka.

Ikiwa polisi wataahirisha, usikwaruze tarehe kwa kalamu. Karatasi iliyokwaruzwa mtu yeyote angeweza kuikwaruza. Chapa tangazo jipya lenye muhuri, liandike juu "TANGAZO HILI LINACHUKUA NAFASI YA LILE LA 7 JUNI", kisha mtume katibu azunguke kila mahali palipobandikwa la zamani, alitoe kabla ya kuweka jipya. Ndiyo maana ni vizuri kuandika pembeni ya nakala yako ya ofisini orodha ya mahali pote ulipobandika.