Namna ya kutoa fishi ya mifupa ndani ya demonstrasio ya prof (tuchukue teorema ya Heine)

Wadogo wa L1 mat hapa Bukavu, wengi wenu munaniuliza namna ya kushika demonstrasio za analizi mbele ya egzame. Mutu ananionesha kaye, page mbili amekopi vizuri sana toka ku tablo, lakini ukifunika ile kaye na kumuuliza mustari wa tatu unafanya nini pale, ananyamaza. Basi leo natoa namna nafanya mimi. Fishi yenye naongelea ni kipande cha bristoli cha sentimetre 10 kwa 15 hivi (ku Kadutu unanunua feuye moja kubwa na unakata mwenyewe), na hatuwekake mahesabu juu yake. Tunaweka wazo kubwa, na kwa kila hatua tunaandika imekuja kufanya kazi gani.

Mfano wetu ni teorema ya Heine, aliitoa mwaka 1872: fonksio yenye iko kontinyu ku segmenti [a,b] iko pia kontinyu iniforme pale. Kumbuka tofauti yenyewe, kwa kontinyu ya kawaida δ inaweza kubadilika kufwatana na pointi yenye uko nayo, kwa iniforme δ moja inatumika segmenti yote.

Hatua ya 1: kata mistari ya kaye.
Usianze kuandika fishi. Chukua biki ya rangi ingine na upige mustari kila mahali demonstrasio inabadilisha kazi, si kila mahali prof alibadilisha mustari. Ku kaye nyingi Heine inakuja hivi: tuseme f si kontinyu iniforme, basi kuko ε > 0 na suiti mbili (xₙ) na (yₙ) zenye |xₙ − yₙ| < 1/n na |f(xₙ) − f(yₙ)| ≥ ε. Kisha "kwa Bolzano-Weierstrass, kuko suiti ndogo yenye inaenda ku c ndani ya [a,b]". Kisha yₙ nayo inaenda ku c. Kisha f ni kontinyu ku c, kontradiksio.

Sasa angalia ule mustari wa Bolzano-Weierstrass. Prof aliuandika mara moja, lakini ndani yake muko vitu mbili: segmenti iko na mipaka, njo inafanya kuwe suiti ndogo yenye inakonverje, na segmenti imefungwa, njo inafanya limiti c isitoke inje ya [a,b]. Ipotezi mbili, kazi mbili, kwa hiyo ku fishi ni mistari mbili. Hapa njo banafunzi wengi wanaacha pengo.

Hatua ya 2: andika wazo kubwa, sentensi moja tu.
"Tunafanya kwa apsirde" si wazo, ile ni namna tu, demonstrasio mia zinafanywa vile. Wazo linapaswa kusema ni kitu gani kinapigana na kitu gani. Kwa Heine mimi naandika: *kama f inakataa, inatupa jozi za pointi zenye zinakaribiana lakini f yao inabaki mbali, tunazisukuma zote ku pointi moja c, na pale kontinyuite ya f inakataza ule umbali.* Kama sentensi yako inaweza kuwekwa ku teorema ingine bila kubadilisha kitu, andika tena.

Hatua ya 3: kila hatua na "ili" yake.
Hapa njo kazi yenyewe, chukua wakati. Kwa kila kipande jiulize: nikifuta hii, mustari gani wa chini unaanguka? Jibu njo "ili" yako. Fishi yangu inakuwa hivi:

1. Kataa, chukua δ = 1/n → ILI ule ukatao wa "kwa kila δ" ugeuke suiti mbili, vitu vyenye tunaweza kuchukulia limiti.
2. [a,b] iko na mipaka → ILI tupate suiti ndogo ya xₙ yenye inakonverje.
3. [a,b] imefungwa → ILI limiti c iwe ndani, mahali f inajulikana.
4. |xₙ − yₙ| < 1/n → ILI yₙ, kwa namba zile zile za suiti ndogo, ifike ku c nayo.
5. f kontinyu ku c → ILI f(xₙ) na f(yₙ) za ile suiti ndogo ziende zote ku f(c), tofauti yao iende ku 0, na ε inakataa.

Ukiona "ili" yako inarudilia tu hesabu, mufano "ili |xₙ − yₙ| ikuwe ndogo kuliko 1/n", bado hujaipata.

Ku namba 4 niliweka "namba zile zile" makusudi. Kuko wenye wanatumia Bolzano-Weierstrass mara ya pili kwa yₙ peke yake, wanapata suiti ndogo ingine yenye namba zake haziendane na za xₙ, na pale |xₙ − yₙ| < 1/n haiwasaidie tena. Hatuhitaji mara ya pili, yₙ inavutwa na xₙ.

Hatua ya 4: tia alama kwa chenye kiko huru na chenye kimefungwa.
1/n iko huru: ungechukua 1/n² ao 1/2ⁿ, inaenda sawa, bora tu iende ku 0. Mimi naweka kaduara kando yake ili nisipoteze nguvu kukariri. Lakini ε imefungwa, inachaguliwa mara moja mbele ya n, na haibadilikake. Ukiiacha ifwate n, inaweza kwenda ku 0 pamoja na tofauti, na hakuna kontradiksio tena. Iyo naipigia mistari mbili chini.

Hatua ya 5: vunja ipotezi, ona fishi inaangukia wapi.
Nyuma ya fishi weka mifano yenye inaharibu. Chukua f(x) = 1/x ku ]0,1], xₙ = 1/n na yₙ = 1/(n+1). Umbali wao ni 1/(n(n+1)), ndogo kuliko 1/n, lakini f yao inatofautiana na 1 kila mara. Namba 1 na 2 zinapita, suiti inakonverje kabisa, lakini ku 0, na 0 haiko ndani. Inavunjikia ku namba 3. Sasa x² ku R yote, xₙ = n na yₙ = n + 1/(2n): tofauti ya f ni 1 + 1/(4n²), na pale hakuna suiti ndogo yenye inakonverje, inavunjikia ku namba 2. Kama mufano wako hauvunjikie ku mustari wowote wa fishi, ujue kuko ipotezi umeificha mahali bila kuiandika, rudia hatua ya 1.

Hatua ya 6: jenga tena.
Kesho yake, karatasi nyeupe, fishi tu mbele yako, kaye imefungwa. Andika demonstrasio yote na ma kwantifikateri zake. Mahali unakwama, usiongeze hesabu ku fishi, rekebisha ile "ili", mara nyingi njo yenyewe haiko wazi. Siku ingine ufanye na wazo kubwa peke yake.

Ukishamaliza Heine, fanya mara moja ile ya "fonksio kontinyu ku segmenti iko na mipaka". Namba 1 inabadilika, unachukua xₙ zenye |f(xₙ)| > n, namba 4 inatoka, na ku mwisho f(xₙ) za suiti ndogo zinaenda ku f(c) wakati zilipaswa kupanda bila mwisho. Namba 2 na 3 zinabaki vile vile, kwa hiyo zitie alama moja ku fishi zote mbili.