Fomu ya Idhini ya Upasuaji wa Faibroidi: Mistari ya Kusoma Kabla ya Kutia Sahihi

Mara nyingi fomu ya idhini huletwa jioni ya kulazwa, au asubuhi yenyewe mgonjwa akiwa ameshavaa gauni la thieta. Wakati huo haufai kwa kusoma. Iombe kliniki siku ile unapopangiwa tarehe, na kwa vyovyote vile iwe kabla ya kupewa dawa yoyote ya kutuliza, maana sahihi ya mtu aliyelevywa na dawa si idhini.

Tuchukue mama wa Kisauni, miaka 34, mwenye mtoto mmoja na anayetaka mwingine. Ana faibroidi, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi, ya sentimita 7, hedhi zinamtoka kwa wingi, na kipimo cha hemoglobini, yaani wingi wa damu, kimesoma 8.2, ambayo ni pungufu. Daktari amemwambia, "Tutatoa uvimbe."

Aanze na mstari wa jina la upasuaji, na hapo asiwe na haraka. Miomektomi ni kutoa uvimbe na kuacha mfuko wa uzazi. Histerektomi ni kutoa mfuko wenyewe, na baada yake hakuna mimba tena. Wodini zote mbili huitwa "kutoa uvimbe", ndiyo maana maneno ya mdomo hayatoshi. Akikuta pia salpingo-ooforektomi, hapo mirija na ovari zinatolewa, na ovari zote mbili zikitoka anaingia ukomo wa hedhi mara moja.

Kisha atazame mkia wa mstari. Huenda pameandikwa "miomektomi +/- histerektomi". Alama hiyo ndogo inampa daktari ruhusa ya kuendelea hadi kutoa mfuko wa uzazi mgonjwa akiwa usingizini. Ina sababu yake: uvimbe ukitolewa, damu inaweza kumwagika kwa kiasi ambacho mishono na dawa havizuii, na kutoa mfuko ndiyo njia iliyobaki ya kuokoa maisha. Hutokea mara chache. Lakini mama huyu aulize ni hali gani hasa itakayomfanya daktari afike huko, na jibu liandikwe: "Nakubali histerektomi iwapo tu damu haizuiliki na maisha yangu yako hatarini." Yeye na daktari watie sahihi kando ya sentensi hiyo. Kama hakubali hata hivyo, aseme sasa, kwa sababu daktari naye anaweza kukataa kupasua kwa sharti hilo.

Kwenye madhara, fomu nyingi zimechapishwa tayari: kutokwa damu, maambukizi, damu kuganda mguuni. Hayo ni ya karibu kila upasuaji mkubwa. Yanayomhusu yeye yaandikwe kwa kalamu: huenda akahitaji kuongezewa damu, kibofu au mirija ya mkojo inaweza kujeruhiwa, faibroidi zinaweza kuota tena, na kovu la mfuko wa uzazi linaweza kumlazimu kujifungua kwa upasuaji. Kwa damu ya 8.2 aulize pia kwa nini asipandishiwe kwanza kwa madini ya chuma, kama upasuaji si wa dharura. Ganzi au nusu kaputi ina madhara yake, na anayeyaeleza ni mtaalamu wa usingizi.

Sehemu ya njia mbadala ndiyo huachwa wazi zaidi. Ijazwe. Kwake zipo dawa za kupunguza damu ya hedhi, koili yenye homoni ikiwa uvimbe haujaharibu umbo la ndani la mfuko, na kusubiri huku akipigwa picha ya altrasaundi. Koili itamzuia kupata mimba ikiwa ndani, kwa hivyo aseme wazi kwamba anataka mtoto. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe njia za matibabu, faida, hatari na gharama, na kadiri inavyowezekana kwa lugha anayoielewa. Fomu ikiwa ya Kiingereza, aombe isomwe kwa Kiswahili, kisha arudie kwa maneno yake mwenyewe kitakachokatwa na kitakachobaki. Akikwama, maelezo hayajakamilika.

Sasa sahihi. Ni yake. Mtu mzima mwenye akili timamu hujitilia sahihi mwenyewe, hata kama upasuaji unagusa uzazi. Mume anaweza kuketi, kuuliza na kushauri, lakini mama akiambiwa, "Mama, mwite bwana aje atie sahihi," ajibu kwamba yeye yupo na anaelewa. Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi. Aliye chini ya miaka 18 hutiliwa na mzazi au mlezi. Aliyezimia hutiliwa na aliyemteua kwa maandishi au jamaa wa karibu, na dharura inayotishia maisha haisubiri sahihi.

Anayeeleza awe daktari anayepasua au anayeujua upasuaji huo vizuri. Nesi akileta karatasi pekee, mama aseme kwa adabu, "Dada, nitatia nikishaongea na daktari." Nafasi zilizo wazi zichorwe mstari, tarehe na saa ziandikwe, na kurasa zote zipigwe picha kwa simu. Akibadili nia kabla ya kulazwa usingizi, amwambie daktari, na idhini hiyo imefutika.