Kulabu ya helmeti isiyohitaji sapoti: amua upande wa kulalia ukiwa bado kwenye CAD

Watu wengi wanaochapa kwa printa ya 3D huchora kitu kikamilike kwanza, kisha wakifika kwenye slaisa ndipo wanakizungusha huku na huku wakitafuta upande utakaokubali. Hapo umechelewa, kwa sababu umbo lenyewe limeshaamua ni wapi patahitaji sapoti na ni wapi patavunjika. Tufuate kitu kimoja tangu mwanzo: kulabu ya ukutani ya kuning'iniza helmeti ya bodaboda, ya aina inayotakiwa na maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga. Ina bamba la nyuma linalofungwa ukutani kwa skrubu mbili, mkono wa milimita 80 unaotoka mbele, na ncha iliyopanda juu milimita 20 ili helmeti isiteleze.

Hatua ya 1: Tafuta itakapovunjikia

Helmeti ina uzito wa kama kilo moja na nusu. Uzito huo unakaa mwishoni mwa mkono, kwa hiyo nguvu yote inaishia pale mkono unapokutana na bamba. Upande wa juu wa shina hilo unavutwa, upande wa chini unabanwa. Kumbuka pia kwamba mwenye haraka haitoi helmeti taratibu, anaivuta.

Plastiki iliyochapwa ina nguvu kufuata mstari wa filamenti, lakini tabaka na tabaka zimeshikana kwa joto tu. Ukivuta kwa namna ya kuzitenganisha, zinaachana mapema. Kwa hiyo tabaka zipite kwa urefu wa mkono, kamwe zisiukate.

Hatua ya 2: Linganisha namna tatu za kuilaza

Ukilaza bamba kwenye bedi na mkono ukisimama juu, picha inavutia na mkono wenyewe hauhitaji sapoti. Lakini kila tabaka inaukata mkono, na shina litaachana. Tena ile ncha iliyopanda sasa inachomoza pembeni hewani.

Ukiisimamisha kama itakavyokaa ukutani, mkono wote wa milimita 80 unaning'inia. Utajaza sapoti chini yake, na tabaka kwenye bamba zitakuwa zimelala kimlalo.

Ukiilaza ubavu, umbo lote la pembeni (bamba, mkono na ncha) linachorwa kwenye bedi kama herufi moja. Filamenti inapita kutoka kwenye bamba, inapinda kwenye shina na kwenda hadi nchani bila kukatika. Hii ndiyo tunayochukua. Katika CAD, chora umbo hilo la pembeni kwenye uso wa XY moja kwa moja na ulivute kwenda juu. Kuanzia hapo bedi ni Z sifuri, na kila unachoongeza unakiona kama printa itakavyokiona. Weka pia pembetatu ya kuimarisha kwenye kona ya shina. Ukilala ubavu haikugharimu chochote.

Kuna mtego mmoja hapa. Tuseme bamba lina upana wa milimita 40 na mkono una milimita 15. Ukiuweka mkono katikati ya bamba, kama wengi wanavyofanya ili kipendeze, basi ukilaza ubavu mkono unaelea milimita 12.5 juu ya bedi. Utajikuta umerudi kwenye sapoti. Usogeze mkono uwe sawasawa na ukingo mmoja wa bamba, vyote viguse bedi. Mzigo hautakuwa katikati, lakini kwa helmeti hilo halina neno. Kama kitu ni kizito zaidi, lipunguze bamba liwe na upana uleule wa mkono.

Hatua ya 3: Elewa digrii 45 zinatoka wapi

Kila tabaka lazima ikalie iliyo chini yake. Ukichapa tabaka za milimita 0.2 kwa nozeli ya 0.4, mstari wa filamenti una upana wa karibu 0.45. Ukuta ulioinama digrii 45 kutoka wima unasukuma kila tabaka nje kwa milimita 0.2, yaani chini ya nusu ya mstari. Unashika vizuri. Ukiinama digrii 60, msukumo unakuwa karibu 0.35, na robo tatu ya mstari iko hewani. Ukishusha tabaka hadi 0.12, digrii 60 hiyohiyo inasukuma 0.21 tu. Ndiyo maana tabaka nyembamba huokoa mwinamo mkali, ila zinarefusha muda, na umeme wetu unajulikana.

Angalia pia pembe inapimwa kutoka wapi. Cura, kwenye `Support Overhang Angle`, inapima kutoka wima. PrusaSlicer, kwenye `Overhang threshold`, inapima kutoka mlalo. Katika digrii 45 zinalingana, lakini 60 ya huku ni 30 ya kule.

Hatua ya 4: Matundu ya skrubu

Kwa kuwa tumelaza ubavu, matundu ya bamba sasa yamelala. Tundu dogo la milimita 5 hupita bila shida kubwa. Tatizo ni shimo la kuzamisha kichwa cha skrubu, lenye kipenyo cha milimita 10. Karibu na kilele chake duara linakuwa bapa kabisa, mistari inalegea, na kichwa hakiingii.

Dawa ni kulichora kama tone la maji, ncha ikielekea juu ya printa. Kuta mbili zinatoka kwenye duara kwa digrii 45 na kukutana. Kwa OpenSCAD ni mistari michache:

```
module tone(d, h) {
  rotate([90,0,0]) linear_extrude(h) {
    circle(d=d);
    rotate(45) square(d/2);
  }
}
```

Kwa kipenyo cha 10, ncha inafika milimita 7.1 juu ya kitovu. Kama hiyo inakaribia mno ukingo wa bamba, ikate kwenye usawa wa kilele cha duara. Utabaki na dari bapa la milimita 4 hivi, ambalo printa inalivuka kama daraja kwa sababu limeshikwa pande zote mbili.

Hatua ya 5: Ukingo unaogusa bedi

Usiuviringishe. Mviringo wa chini huanza karibu mlalo, na tabaka za kwanza zitachapwa hewani. Ukate mshazari wa digrii 45, milimita 0.5 inatosha, utaondoa pia ule ukingo unaofura tabaka ya kwanza ikibanwa. Kingo za juu viringisha upendavyo.

Hatua ya 6: Kagua kabla ya kuchapa

Fungua slaisa, zima sapoti, pitia tabaka moja moja ukitazama mistari isiyo na kitu chini. Kama kulabu itakaa kwenye ukuta wa mabati unaopigwa na jua, tumia PETG, maana PLA hulegea kwenye digrii 60 hivi za joto. Na PETG hung'ang'ania sapoti kuliko PLA, sababu nyingine ya kuziepuka.

Ukichapa moja ya majaribio, ivunje makusudi. Mpasuko laini, bapa, unaofuata mstari wa tabaka unaonyesha tabaka zimeachana: ama ililazwa vibaya, ama joto la nozeli lilikuwa chini. Mpasuko wa nyuzinyuzi unaokata tabaka unaonyesha plastiki yenyewe ndiyo iliyoshindwa.

Na kama unampelekea mwingine akuchapie, iandike namna ya kulaza kwenye jina la faili, mfano `kulabu_ilale_ubavu.stl`, na umwambie asibonyeze kitufe cha kupanga upande kiotomatiki. Programu hiyo hutafuta uso mpana wa kulalia, na haijui helmeti itaning'inia wapi.