Somo: Kupima umbali wa barabara kwa nguzo za kilomita

Matangazo ya ploti za upande wa Malili na Konza yana kilomita zake. "Kilomita tatu tu kutoka njia panda," halafu ukifika unashangaa mbona gari bado linakwenda. Somo hili ni la kupima umbali kama huo mwenyewe, kwa nguzo zilizo kando ya barabara, bila ramani na bila simu. Tutatumia Barabara ya Mombasa. Namba za nguzo nitakazotaja ni za mfano wa hesabu, kwa hiyo usiende kuzitafuta huko; soma zile utakazozikuta.

Hatua ya 1: Soma nyuso zote mbili

Chukua nguzo ya aina yenye herufi na namba kila upande. Ukitoka Nairobi, uso unaokutazama umeandikwa M 420, yaani zimebaki kilomita 420 kufika Mombasa. Ipite kidogo, geuka nyuma, uone uso wa pili: N 62. Andika zote mbili, kisha uzijumlishe: 420 + 62 = 482. Jumla hii ndiyo askari wako wa zamu. Kila nguzo ya barabara hiyo inapaswa kutoa 482 ileile. Ukikuta moja ina N 64 na M 417, jumla ni 481, basi kuna namba iliyopakwa vibaya au nguzo iliyotoka kwenye hesabu nyingine. Usianzie wala kuishia hapo.

Hatua ya 2: Toa, usihesabu nguzo

Kosa la watu wengi ni kuhesabu nguzo walizozipita. Ukipita nguzo nne kati ya njia panda na ploti, unachojua ni kwamba umbali unazidi kilomita 3 na haufiki 5. Basi. Pengo hilo ni kubwa mno kwa mtu anayenunua shamba. Badala yake, kila mwisho upe namba yake kamili, kisha utoe ndogo kutoka kwa kubwa. Uzuri wa kutoa ni kwamba huhitaji kujua sifuri ya barabara iko wapi. Ianzie posta, ianzie kwenye mzunguko, ikitolewa inajifuta yenyewe.

Kwa hiyo tafuta nguzo ya mwisho uliyoipita kabla ya kila sehemu. Kwa njia panda yetu ni N 62. Kwa geti la ploti ni N 66. Ukitoa hizo peke yake unapata 4, na bado si jibu, kwa sababu njia panda haiko kwenye nguzo, wala geti haliko kwenye nguzo. Kuna vipande.

Hatua ya 3: Pima vipande kwa fimbo ambayo nguzo zenyewe zimekupa

Wengi wanakosea hapa, kwa hiyo tusikimbie.

Kama unatembea, usitumie urefu wa hatua uliousoma mahali. Hatua ya mtu hubadilika kwa viatu, kwa mlima, hata kwa begi mgongoni. Tembea kutoka nguzo moja hadi inayofuata, nje ya lami, ukiyatazama magari yanayokuja, na uhesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga. Tuseme umepata 640. Basi kila mara mguu wa kulia unapokanyaga umekwenda mita 1000 ÷ 640, yaani 1.5625. Sasa rudi kwenye N 62 na utembee hadi njia panda: 224. Zidisha: 224 × 1.5625 = mita 350. Kutoka N 66 hadi geti: 128, yaani mita 200.

Namba sasa zimekamilika. Njia panda iko 62.35, geti liko 66.20. Toa: 3.85. Ile "kilomita tatu tu" ilikuwa karibu nne.

Hakikisha kwa uso wa pili. Upande wa M namba hupungua unavyokwenda, kwa hiyo kipande unakitoa, hukijumlishi: 420 − 0.35 = 419.65, na 416 − 0.20 = 415.80. Tofauti ni 3.85 tena. Ukipata jibu tofauti, karibu kila mara umejumlisha kipande mahali pa kukitoa.

Kama uko kwenye gari, kanuni haibadiliki, ila saa inachukua nafasi ya mguu. Shika mwendo mmoja, tuseme 60 kwenye dashibodi, na abiria apime sekunde kati ya nguzo mbili. Kwa mwendo wa 60 kamili kilomita moja ni sekunde 60, lakini mita za magari mengi huonyesha zaidi kidogo ya mwendo halisi, na huenda ukapata 63. Haidhuru. Kwenye safari hii kilomita ni sekunde 63. Kipande kilichochukua sekunde 22 ni 22 ÷ 63 = 0.35. Huhitaji kujua mwendo wako wa kweli, mradi usiubadilishe. Mlima, matuta na lori lililo mbele ndivyo vinavyoharibu kipimo, kwa hiyo ukipunguza mwendo hata mara moja, anza upya.

Hatua ya 4: Chunguza kama kilomita ni kilomita

Barabara ikipanuliwa, nguzo hung'olewa na kurudishwa, na si lazima irudi palepale. Kona mbaya ikinyooshwa au njia ikizungushwa, urefu wenyewe unabadilika huku namba zikibaki za zamani. Jumla ya nyuso mbili haitakuonyesha hilo, kwa kuwa maandishi ni yaleyale. Saa ndiyo itakayokuonyesha.

Pima kila kilomita njiani. Ukipata 63, 81, 45, 63, tazama zile mbili za katikati: 81 + 45 = 126, sawasawa na mara mbili ya 63. Hapo nguzo iliyo kati yao imesogezwa tu, na barabara haijabadilika. Kama nguzo hiyo si ya mwanzo wala ya mwisho wa kipimo chako, iache, haina athari yoyote.

Lakini ukipata 63, 81, 63, 63, hakuna jirani anayefidia. Barabara imerefushwa katika kilomita hiyo: 81 ÷ 63 ni takriban 1.29. Jibu lako la kutoa liongeze mita 290. Ukipata 45 isiyofidiwa, njia ilifupishwa, nawe punguza. Dalili hiyo rudia kuipima ukirudi, kwa sababu sekunde 81 moja inaweza kuwa ni lori tu.

Maswali ya wanachama

Boda wa Mlolongo: Mwalimu, kando ya barabara kuna vinguzo vingi sana. Nitajuaje kipi ni cha kilomita?

*Jibu:* Soma viwili vinavyofuatana. Cha kilomita namba yake hubadilika kwa moja, na kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa dakika kumi na kitu kwa miguu. Vya nyaya za simu za chini ya ardhi au bomba la mafuta hukaa karibu karibu na hubeba onyo lilelile. Bikoni za mpaka wa barabara ziko mbali na lami, kwenye ukingo wa ardhi ya barabara, karibu na ua za watu. Vile vifupi vinavyokaa viwili viwili, kila kimoja upande wake wa lami, mara nyingi vinaonyesha kalvati.

Mama Mboga, Kitengela: Niliyoiona ina namba moja tu, haina herufi. Hesabu itafanya kazi?

*Jibu:* Itafanya, mama. Kutoa ni kulekule. Unachopoteza ni ile jumla ya kuhakikishia. Kwanza soma nguzo mbili ujue namba zinapanda au zinashuka unakoelekea. Zikipanda, kipande baada ya nguzo unakijumlisha, zikishuka, unakitoa. Na kwa kuwa huna uso wa pili wa kukusahihisha, pima sekunde za kila kilomita bila kuruka hata moja.

Derava wa lori: Nguzo ya mwanzo imegongwa, haipo kabisa. Niache?

*Jibu:* Hapana, mkubwa. Anzia iliyo kabla yake. Kipande chako kitakuwa kirefu, labda kilomita 1.35 badala ya 0.35, na hesabu ni ileile. Ila kosa la kipimo hukua na urefu: ukikosea hatua tatu katika kila mia, kwenye mita 350 ni kama mita 10, kwenye mita 1,350 ni mita 40. Kama nguzo inayofuata mbele iko karibu zaidi, pima kutoka hiyo ukirudi nyuma.

Mwanafunzi wa ukadiriaji ardhi: Matatu haiwezi kushika 60 kwa ajili yangu. Nikiwa abiria nifanyeje?

*Jibu:* Pima mwendo wowote ambao dereva ameshika. Kidhibiti mwendo cha magari ya abiria kimewekwa 80, na kwa 80 kamili kilomita ni sekunde 45. Kwenye barabara tambarare ukiona 45, 46, 45 zikifuatana, una fimbo ya kupimia. Zikiruka 45, 58, 40, dereva anapita na kupunguza, na siku hiyo utapata namba za nguzo tu, vipande huvipati. Kaa upande wa kushoto, dirishani.

Mzee wa Eldoret: Kwetu kuna Maili Nne. Hayo mawe ya zamani tunayahesabuje?

*Jibu:* Shikamoo mzee. Maili moja ni kilomita 1.609, kwa hiyo maili nne ni kama kilomita 6.4. Toa maili kwa maili kwanza, kisha uzidishe jibu mara moja tu. Usichanganye jiwe la maili na nguzo ya kilomita katika hesabu moja, maana huenda hazikuanzia sehemu moja.

Fundi wa Ruiru: Nataka umbali kutoka karakana yangu, Barabara ya Thika, hadi Athi River. Nijumlishe namba mbili za N?

*Jibu:* Zijumlishe pale tu sifuri za barabara zote mbili ziko sehemu moja na wewe unapita hapo. Mjini kuna mnara wa Galton-Fenzi wa mwaka 1939, kwenye Barabara ya Kenyatta, unaoonyesha umbali hadi miji mbalimbali, lakini kuwepo kwake hakukuhakikishii kwamba nguzo za leo zinahesabiwa kutoka hapo. Na ukipita barabara ya pembeni, sifuri hiyo huigusi kabisa. Gawa safari vipande vitatu: Barabara ya Thika hadi utakapotoka, kwa kutoa, kipande cha kati, kwa mita ya gari, kisha Barabara ya Mombasa, kwa kutoa. Kabla ya kuitegemea mita ya gari, iendeshe kilomita kumi kati ya nguzo mbili zilizo nzima. Ikisoma 10.3, gawanya kila usomaji wake kwa 1.03.