Kusanifu chujio la mchanga la kasi kwa maji ya mto yenye tope: piga hesabu ya kuosha kwanza

Ukimuuliza msanifu chipukizi ukubwa wa chujio, atakupa eneo la mchanga mara moja. Muulize maji ya kuliosha, yanayosukumwa kutoka chini ya mchanga kwenda juu, yatatoka wapi, ataanza kukuna kichwa. Niliwahi kukuta mtambo ambao machujio yake yalioshwa kwa pampu ileile inayosukuma maji kwenda kwa watumiaji. Maji yalipanda kwenye mchanga kwa takribani mita 25 kwa saa, kiasi cha kuutikisa tu. Baada ya miezi minne tulipochimba kwa koleo tulipata madonge ya tope yenye ukubwa wa ndimu. Ilibidi mchanga wote utolewe.

Tufanye kazi na mfano mmoja. Tunataka mita za ujazo 1,800 za maji safi kwa siku, mtambo ukiendeshwa saa 20. Mto huwa na uchafu wa NTU 30, yaani kipimo cha ukungu wa maji, wakati wa kiangazi na hupita 400 mvua zikinyesha.

Hatua ya 1: Usiyapeleke maji ya mto moja kwa moja kwenye mchanga

Chujio la kasi hunasa vidonge vidogo vilivyobaki. Mzigo wote wa tope si kazi yake. Maji yapite kwanza kwenye kuchanganywa na shabu, kukorogwa taratibu hadi tope lishikane, kisha tangi la kutuamisha. Yanapoingia kwenye chujio yawe chini ya NTU 10, na ukiweza yafikishe 5. Kipimo cha shabu kipatikane kwa kujaribu kwenye bilauri kadhaa zenye dozi tofauti, na jaribio lirudiwe kila mto unapobadilika rangi. Dozi ya kiangazi haifai siku ya mafuriko.

Hatua ya 2: Kasi ya uchujaji na eneo

Mita za ujazo 1,800 kwa saa 20 ni 90 kwa saa. Ongeza asilimia 5 kwa ajili ya kuoshea, upate 95. Kwa mchanga mtupu (bila tabaka la makaa juu yake) mimi hutumia mita 5 kwa saa, yaani kila mita ya mraba ipitishe mita 5 za ujazo kwa saa. Wapo wanaokwenda hadi 7, lakini mto wenye tope hauvumilii ujasiri huo.

```
A = Q / v = 95 / 5 = 19 m²
```

Sasa gawanya eneo hilo. Ukijenga machujio mawili, siku moja linapooshwa lingine hubeba mzigo wote, na kasi yake inakaribia mita 10 kwa saa. Uchafu utapenya. Kwa matatu ya mita 2.5 kwa 2.6, kila moja lina mita za mraba 6.5. Yote yakifanya kazi, kasi ni mita 4.9 kwa saa; moja likitoka, mawili yanakwenda 7.3. Hiyo inavumilika kwa dakika chache. Manne yangekuwa bora zaidi kwa kuosha, ila koki zinaongezeka na kila koki ni mahali pa kuvuja.

Hatua ya 3: Mchanga

Chagua mchanga wa mawe magumu ambao asilimia 10 ya uzito wake ni punje ndogo kuliko milimita 0.6, na asilimia 60 ni ndogo kuliko milimita 0.84. Uwiano wa namba hizo mbili ni 1.4. Ukizidi 1.6 hivi, punje ndogo hupanda juu wakati wa kuosha, zikaziba uso wa chujio huku chini kukiwa bado kusafi. Kina kiwe sentimita 70, juu ya kokoto zilizopangwa kwa ukubwa au sakafu ya nozeli.

Hatua ya 4: Kuosha

Hapa ndipo chujio linapoamuliwa. Ili punje kubwa za mchanga huu, zenye kipenyo cha karibu milimita 1, zielee na kusuguana, maji yenye nyuzi joto 25 lazima yapande kwa karibu mita 45 kwa saa. Maji baridi yana mnato zaidi kidogo, hivyo kwa nyuzi 20 mita 40 zingetosha. Anayenakili namba kutoka nchi ya baridi na kuipeleka penye joto huishia na kuosha nusunusu.

Mita za mraba 6.5 mara 45 ni mita za ujazo 293 kwa saa, lita 81 kwa sekunde. Linganisha na mtambo mzima: chujio moja linaoshwa kwa mtiririko mara tatu ya ule unaozalishwa na machujio yote. Ndiyo maana tunajenga tangi la juu linalojazwa polepole kwa pampu ndogo. Bomba la milimita 250 linafaa, kasi ndani yake ikiwa mita 1.65 kwa sekunde.

Utaratibu wenyewe: shusha maji hadi sentimita 10 juu ya mchanga, puliza hewa kwa mita 50 kwa saa kwa dakika 4, zima hewa, kisha fungua maji taratibu kwa muda wa dakika moja hadi mtiririko kamili, uendelee dakika 6. Hewa na maji kwa nguvu kamili kwa pamoja yatautoa mchanga wako nje. Funga maji ya kuoshea yanayotoka yakifika karibu NTU 10; kuyangoja yawe kama kioo ni kupoteza maji.

Dakika 6 hutumia mita za ujazo 29. Tangi liwe la 60, ili machujio mawili yakiziba kwa kufuatana usikwame. Sakafu yake iwe mita 5 hivi juu ya ukingo wa mfereji wa kutolea maji machafu. Mchanga unaoelea peke yake hula mita 0.7 ya kimo hicho; nozeli, mabomba na koki hula sehemu kubwa ya kilichobaki.

Kwa kuosha kila saa 20 za kazi, matumizi ni karibu asilimia 4.6 ya maji yaliyochujwa, ndani ya ile 5 tuliyotenga. Maji ya dakika 15 za kwanza baada ya kuosha, ambayo bado si safi, yarudishe mwanzo wa mtambo. Lakini shabu ikikosewa na muda ukashuka hadi saa 10, matumizi yanapanda hadi asilimia 9 na hutafikisha mita 1,800. Ukiona hivyo, rudi kwenye tangi la kutuamisha. Kuongeza dakika za kuosha hakutakusaidia.

Hatua ya 5: Pima kabla ya kukabidhi

Funga maji yanayoingia kwenye chujio na uangalie uso ukishuka: sentimita 8 kwa dakika ndiyo kasi tuliyosanifu. Kwa kuosha, zima pampu ya kujaza na upime tangi. Kama sakafu yake ni mita 4 kwa 5, maji yashuke sentimita 24 kwa dakika. Yakishuka 15, mchanga haujaelea hata kama juu panaonekana panachemka.

Osha chujio maji yanapopoteza kimo cha mita 2 kwa kupita kwenye mchanga, au yanayotoka yanapopita NTU 1, lolote litakalotangulia. Kila mwezi lishushe maji ulitazame: nyufa, mchanga uliojitenga na ukuta, au vilima na mabonde juu yake vinakuonyesha mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki.