SOMO: Kikao cha Jumatatu cha nusu saa (soma lote kabla ya kunifuata inboksi)

Wiki hii nimeulizwa mara nne jinsi tunavyoendesha kikao cha kazi cha nusu saa na kila mtu akasema lake, basi naliandika jambo hili hapa mara moja. Atakayeuliza tena namtumia kiungo. Nasimamia usambazaji kwenye kiwanda kidogo cha mikate, Dar. Tuko 8: madereva watatu, wauzaji wawili, mwokaji mkuu, karani wa stoo na mimi. Zamani tulikuwa tunakaa saa nzima na ushee, wanaongea wawili, wengine wanahesabu feni.

1. Siku na saa zisibadilike. Sisi ni Jumatatu saa nne asubuhi, magari yakisharudi.

2. Dakika 30. Alamu inalia dakika ya 25; hapo tunaanza kuandika maamuzi.

3. Hesabu ya mikate iliyotoka na iliyorudi naituma watsapu Jumapili jioni. Kikaoni hatusomeani namba.

4. Ajenda iwe swali, na zisizidi tatu. Ukiandika "Njia ya Mbagala" kila mtu atakusimulia safari yake. Andika "Mikate mingi ya Mbagala inarudi. Tufanye nini wiki hii?"

5. Watu waandike kwanza, ndipo waongee. Hapa niliharibu, kwa hiyo nisikilizeni. Ajenda ilikuwa hiyo hiyo ya Mbagala, ila mimi niliuliza "Tupunguze kreti ngapi?" Wauzaji wakabishana, 15 au 20. Nikamgeukia karani wa stoo ghafla: "Na wewe dada, mbona kimya?" Macho yote kwake. Akasema, "Naungana na waliotangulia." Tukapunguza kreti 20. Wiki mbili baadaye mikate bado inarudi, ndipo akaniambia pembeni, getini: gari la Mbagala linapakiwa la mwisho, linatoka saa kumi na mbili na nusu, likifika maduka yameshachukua mikate ya wengine. Saa zote za kutoka alikuwa nazo kwenye daftari lake.

Siku hizi nasoma swali, halafu dakika 3 za kimya. Kila mtu anaandika jibu moja na sababu moja kwenye kikaratasi. Tunasoma tukianzia kwa aliyeajiriwa karibuni, mimi wa mwisho. Tahadhari: usitie neno hadi wote wamalize, hata "vizuri" usiseme, maana anayefuata atageuza jibu lake lifanane na ulilolisifu. Na majibu yote yakifanana, kagua swali lako. Huenda umelibebesha jibu, kama langu la kreti ngapi.

6. Uamuzi unaandikwa watu wakiwa bado wamekaa, unasomwa kwa sauti. Wetu ulikuwa hivi: "Kuanzia Jumatano gari la Mbagala lipakiwe la kwanza, litoke saa kumi na moja. Mhusika: karani wa stoo. Jumatatu ijayo tuangalie kreti zilizorudi." Bila jina la mtu na siku, hayo ni maongezi tu.

MASWALI

Mdau: Mkuu, kikao kichukue muda gani?
Jibu: Namba 2.

Mdau: Watu wazima unawaandikisha kama darasa la tatu?
Jibu: Sentensi mbili, kaka, na sisahihishi mwandiko. Kama kwako kila mtu anasema bila kuandika, endelea hivyo hivyo.

Mdau: Shikamoo. Mimi nina mafundi, wawili kuandika kunawapa shida na sitaki kuwaaibisha. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba, dada. Swali zuri. Acha karatasi kabisa, kwa wote, wasionekane wao tu. Wakae wawili wawili wajadili dakika 2, kisha kila mmoja aseme aliyoyasikia kwa mwenzake. Kusema ya mwenzako hakutishi kama kusema yako. Usiwapange fundi na msaidizi wake pamoja, msaidizi atakubali kila kitu.

Mdau: Na wasipokubaliana?
Jibu: Nasikiliza zote, naamua mimi, nasema kwa nini. Sipigishi kura, kwani wauzaji na madereva wana kura 5 kati ya 8 na stoo ana moja.

Mdau: Bosi wetu huingia katikati na kuanza kuhutubia.
Jibu: Mfuate kabla, peke yake. Mwambie nafasi yake ni ya mwisho kwa sababu akitangulia hatasikia kitu kipya. Wangu alikubali. Anasahau mara moja moja.

Mdau: Chai mnaweka saa ngapi?
Jibu: Baada. Tuliwahi kuiweka mwanzo, nusu saa ikaishia kwenye maandazi.

Mdau: Alamu ya simu yangu inakatizwa na wateja wanaopiga.
Jibu: Yangu pia ilikuwa hivyo. Mwokaji akaleta saa ya kuzungusha ya jikoni, ile ya kupimia mikate ikiwa tanurini. Inalia vibaya sana, hakuna anayeweza kuongea juu yake.